Begi la 19,500, sabuni ya 950: bei gani zinajenga duka la nyumbani na zipi zinalila

Ukizunguka maduka makubwa ya Maskati utakuta karibu kila kitu kimeandikwa riyali moja na baisa 990, au riyali nne na baisa 900. Uingereza ni pauni 4.99, Marekani ni dola 9.99. Baada ya mwaka mmoja wa kuziona bei hizo, mtu anapiga simu nyumbani kwa dada yake anayemwangalizia duka na kumwambia: "Na sisi tuweke hivyo, huku ndivyo wanavyouza." Tunaulizwa sana kama ni wazo zuri. Jibu letu ni kwamba kwa baadhi ya bidhaa ni zuri kweli, na kwa nyingine ni njia ya haraka ya kumaliza mtaji ambao umeukusanya kwa jasho ukiwa ugenini. Tofauti ya hizo mbili inaonekana kwenye hesabu ndogo tu, na hesabu hiyo unaweza kuifanya ukiwa hukohuko uliko.

Tutatumia duka moja la mfano, la Tanga, linalouza mahitaji ya nyumbani na vifaa vya shule. Bei tunazotaja ni za mfano, wewe weka zako.

Tarakimu ya kwanza ndiyo inayosikika

Mteja anasoma bei kuanzia kushoto. Akiona 19,500, akili inashika ile 1 ya mwanzo kabla haijafika kwenye 9, na bei inaingia kichwani kama kitu cha "elfu kumi na kitu". Akiona 20,000, anasikia "ishirini". Mwaka 2005 watafiti Manoj Thomas na Vicki Morwitz walionyesha jambo ambalo wauza duka wengi hawalijui: nguvu hii inafanya kazi pale tarakimu ya kushoto inapobadilika. Dola 2.99 ilionekana rahisi kuliko 3.00. Lakini 3.59 na 3.60, ambazo nazo zimepishana senti moja, watu waliziona ni zilezile.

Kwa duka letu maana yake ni hii. Kushusha begi la shule kutoka 20,000 hadi 19,500 kuna faida ya kumvuta mteja. Kushusha begi la 17,500 hadi 17,000 ni kutoa mia tano bure, kwa sababu mteja hakuona tofauti kubwa. Na ukigeuza upande wa pili, begi unaloliuza 17,000 unaweza kulipandisha hadi 17,500 na wanunuzi wachache sana wakashtuka. Watu wengi wanadhani mambo ya bei za kuvutia ni kushusha tu. Mara nyingi pesa iko kwenye kupandisha mahali ambapo tarakimu ya kwanza haiguswi.

Kuna jaribio jingine lililofanywa na Eric Anderson na Duncan Simester, likachapishwa mwaka 2003. Walitumia katalogi za nguo za kike, nguo ileile moja ikiwekwa bei tofauti kwenye nakala tofauti. Nguo ya dola 39 iliuzwa zaidi hata ya ile ya dola 34. Yaani bei ya juu iliuza kuliko ya chini, kwa sababu ile 9 ya mwisho ilisomeka kama punguzo. Sasa usikimbilie kuandika 9 kila mahali. Wateja wa katalogi hawajui bei ya gauni ni ngapi kwingine, wanategemea ishara. Mama anayenunua unga kila siku anajua bei ya mtaa mzima, humdanganyi kwa tarakimu.

Halafu kuna sarafu. Omani ina sarafu ya baisa 5, kwa hiyo hata bei ya 1.995 inalipika kwa fedha taslimu na chenji inarudi. Kenya bado ina sarafu ya shilingi moja, ndiyo maana bei ya 99 inaweza kusimama. Tanzania sarafu za chini ya 50 hazionekani mikononi mwa watu. Ukiandika 999, mteja anatoa buku, wewe huna shilingi moja ya kumrudishia, na bei yako imekuwa 1,000 yenye usumbufu. Hata 950 inahitaji droo yenye sarafu za hamsini kila asubuhi. Zikikosekana tunajua kinachofuata: mteja anapewa pipi. Pipi moja ya chenji inafuta kila kitu ulichotaka kupata kwa bei ya kuvutia, maana mteja anaondoka akijua kadhulumiwa hamsini. Anayelipa kwa simu hana shida hiyo, lakini hesabu ni wateja wangapi wa duka lako wanalipa kwa simu kabla hujapanga bei kwa ajili yao.

Hesabu ya kufanya kabla hujaandika bei mpya

Tuanze na begi. Limenunuliwa, pamoja na usafiri, kwa 16,000. Likiuzwa 20,000 linaleta faida ya 4,000. Tuseme Januari iliyopita, shule zilipofunguliwa, dada aliuza mabegi 14. Faida ilikuwa 56,000. Sasa tukiuza kwa 19,500 faida ya kila begi inashuka hadi 3,500. Ili turudi kwenye 56,000 ileile tunahitaji kuuza mabegi 16. Mawili zaidi. Kwa kitu ambacho mzazi anakilinganisha kwa macho kati ya duka hili na lile la pili, mawili zaidi ni jambo linalowezekana, na likitokea la tatu hapo ndipo unapoanza kupata.

Sasa sabuni ya kipande. Imenunuliwa 870, inauzwa 1,000, faida ni 130. Kwa mwezi vinauzwa vipande 80, faida 10,400. Dada anaishusha hadi 950 kwa kufuata ushauri wa simu. Faida imebaki 80 kwa kipande. Ili kuirudia ile 10,400 anatakiwa auze vipande 130. Punguzo ni shilingi hamsini tu, asilimia tano ya bei, lakini limekula zaidi ya theluthi moja ya faida. Na hivyo vipande 50 vya ziada vitatoka wapi? Hakuna mtu anayefua nguo zaidi kwa sababu sabuni imekuwa mia tisa hamsini. Lazima watoke kwa jirani, na jirani naye wiki ijayo atashusha.

Hapa ndipo watu walio nje wanapopotea. Unapokea ujumbe kwamba mauzo yamepanda, vipande 80 vimekuwa 105, unafurahi. Mwisho wa mwezi wa tatu unaombwa pesa ya kujaza mzigo. Faida ya vipande 105 kwa 80 ni 8,400, pungufu ya ulichokuwa unapata ulipokuwa unauza vichache. Duka linaonekana limechangamka huku linakonda, na nyumbani wanaanza kusema ni chuma ulete. Kwa hiyo usiulize "mmeuza ngapi leo" peke yake. Kwa kila bidhaa uliyobadilisha bei, ulizia vitu viwili: vimeuzwa vipande vingapi, na kila kipande kilinunuliwa kwa bei gani. Zidisha mwenyewe.

Fomula ni fupi. Chukua faida ya zamani ya kipande kimoja, gawa kwa faida mpya, zidisha kwa idadi uliyokuwa unauza. Jibu ndiyo idadi unayotakiwa kufika ili usipungukiwe.

Kuna kundi la bidhaa ambalo lisiguswe kabisa na mchezo huu: vitu vya kupimwa. Mteja anayekuja na kikombe na kusema "nipe mafuta ya mia tano" au "nikatie sukari ya jero" hatazami bei yako. Bei ameitaja yeye. Anachokipima ni mafuta yamefika wapi kwenye kikombe. Kwake punguzo ni kipimo kilichojaa, na bei mbaya ni kipimo kilicholegea. Kama unataka kumvutia mteja wa namna hii, waambie nyumbani wanunue mzani mzuri au vipimo vya kueleweka, basi.

Jambo la mwisho kuhusu tarakimu: bei ya kuvutia inataka iandikwe na isimame. Ikiwa dukani kwenu kila kitu kinapatanwa, begi la 19,500 litapokelewa na swali la "mwisho ngapi?", na mwisho utakuwa 18,000. Hapo umetoa punguzo mara mbili. Kama dada hawezi kukataa, na wengi hawawezi kumkatalia jirani wanayeswali naye au kusali naye, ni afadhali begi liandikwe 21,000 na mapatano yaishie 19,500.

Kifurushi: nani alikuwa atanunua vyote hata bila punguzo?

Kufunga vitu pamoja kwa bei moja kuna sababu nzuri. Mteja anatoa pesa mara moja, haoni maumivu ya kila kitu kimojakimoja, na mzigo uliokuwa umekaa unatoka. Lakini kifurushi kina mtego ambao hauonekani kwenye droo.

Tuchukue kifurushi cha shule. Kaunta buku nne kwa 2,500 kila moja ni 10,000. Zilinunuliwa kwa 2,100, kwa hiyo faida ya zote nne ni 1,600. Peni tatu za 500 ni 1,500, zilinunuliwa kwa 250, faida 750. Mkebe mmoja ni 3,500, ulinunuliwa kwa 2,000, faida 1,500. Kila kitu peke yake ni jumla ya 15,000 na faida ya 3,850. Tunafunga vyote na kuuza 14,000. Faida ya kifurushi ni 2,850.

Mzazi wa kwanza alikuja kwa ajili ya kaunta buku tu. Angeondoka ametuachia faida ya 1,600. Kwa kuona kifurushi akachukua vyote, tumepata 2,850, yaani 1,250 zaidi. Mzazi wa pili alikuwa na orodha ya mwalimu mkononi, kaunta buku, peni na mkebe. Angenunua vyote kwa 15,000. Tumemuuzia kwa 14,000 na tumepoteza 1,000 kwa mtu ambaye hakuomba apunguziwe.

Sasa pima. Kati ya kila wanunuzi tisa wa kifurushi, wanne wakiwa wa aina ya kwanza na watano wa aina ya pili, unapata 5,000 na unapoteza 5,000. Umefanya kazi ya kufunga vifurushi bure. Wa aina ya kwanza wakiwa watano, umeanza kupata. Ndiyo maana tunashauri kwamba kabla ya kufunga chochote, kwa wiki moja dada aweke alama kwenye daftari kila anapouza kaunta buku: huyu kachukua na mkebe, huyu hakuchukua. Ikiwa wengi tayari wanachukua vyote pamoja, kifurushi ni zawadi tu. Ikiwa wengi wanachukua kaunta buku na kuondoka, una kazi ya kufanya.

Angalia pia punguzo limetoka wapi. Kaunta buku zina faida nyembamba, mia nne tu. Punguzo la elfu moja limebebwa na mkebe na peni, ambazo zina nafasi. Kifurushi cha unga na sukari hakina nafasi hiyo, vyote viwili vina faida ndogo na vyote viwili mteja alikuwa anavinunua. Tumeona watu wakifunga vifurushi vya Ramadhani vya unga, sukari, mchele na mafuta kwa punguzo kubwa, wakauza vyote kwa siku mbili, na wasiwe na pesa ya kununua mzigo wa pili. Ukitaka kifurushi cha Ramadhani, weka ndani kitu chenye faida nene, kama tende ulizozipima na kuzifunga wewe mwenyewe, au viungo. Punguzo litoke huko.

Bei za kimojakimoja zibaki zimeandikwa pembeni, 15,000 na chini yake 14,000, la sivyo mteja hajui amesaidika nini. Na zile bei za pembeni ziwe za kweli, vitu vinavyouzwa kweli kwa bei hizo. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja kuhusu bei, na mtaani adhabu inakuja mapema zaidi ya hiyo, kwa maneno. Vilevile kifurushi kisiwe pahali pa kuficha peni zilizokauka. Na mteja akisema "nitolee mkebe uniwekee kaunta buku nyingine", dada awe na jibu moja kwa wote: ukibadilisha, tunarudi bei ya kimojakimoja. Bila jibu hilo ataishia kuuza kaunta buku tano kwa punguzo, na tumeshaona faida yake ni ipi.

Msindikizaji

Kwenye mashindano kuna mshiriki ambaye kila mtu anajua hatashinda, tunamwita msindikizaji. Kwenye bei naye yupo, na kazi yake ni kumfanya mwingine aonekane bora.

Mfano unaojulikana sana ni wa Dan Ariely, kwenye kitabu chake cha mwaka 2008. Jarida la The Economist lilikuwa na chaguo tatu za usajili: mtandaoni peke yake dola 59, karatasi peke yake dola 125, na vyote viwili pamoja dola 125 hiyohiyo. Aliwapa wanafunzi 100 wa chuo cha MIT wachague. 84 walichagua vyote viwili, 16 walichagua mtandaoni, na karatasi peke yake hakuichagua hata mmoja. Akaliondoa hilo chaguo ambalo halina mtu, akawauliza wanafunzi wengine. Sasa 68 walichagua la bei rahisi na 32 tu wakachagua vyote viwili. Chaguo lililokuwa na sifuri lilikuwa linafanya kazi.

Dukani tunaweza kulitumia kwenye sabuni ya maji inayotengenezwa nyumbani na kuwekwa kwenye chupa. Nusu lita ni 1,500 na gharama yake, pamoja na chupa, ni 800, faida 700. Lita mbili ni 4,500, gharama 2,800, faida 1,700. Wengi wanachukua nusu lita. Tunaongeza chupa ya lita moja na nusu kwa 4,300. Mteja akiiona anapiga hesabu mwenyewe: kwa mia mbili tu naongezewa nusu lita nzima. Lita mbili, ambayo mwanzo ilionekana ghali ikilinganishwa na 1,500, sasa inaonekana ni ya bure. Msindikizaji lazima afanane na yule unayemtaka ashinde, ila awe mbaya kidogo kuliko yeye. Ukimweka katikati kabisa, lita moja kwa 2,800 kwa mfano, huyo si msindikizaji tena, ni mshindani, na wengi watamchagua yeye.

Usitengeneze chupa nyingi za msindikizaji. Tatu zinatosha kwenye rafu. Lakini ziwe zinauzwa kweli, mtu akiitaka apewe, na faida yake, 2,100, haina ubaya wowote.

Sasa mipaka. Wanafunzi wa Ariely hawakutoa pesa mfukoni, walichagua kwenye karatasi. Na mwaka 2014 Shane Frederick, Leonard Lee na Ernest Baskin walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba msindikizaji ana nguvu pale chaguo zinapoelezwa kwa namba, na nguvu hiyo inapungua sana au kupotea kabisa mtu anapoona picha au kuonja kitu chenyewe. Kwa hiyo sabuni, ambayo tofauti yake ni lita na shilingi, inafaa. Khanga, mkate, matunda na vingine ambavyo mteja anashika, ananusa na kupenda kwa macho, usitegemee msindikizaji.

Mpaka mkubwa zaidi ni mfuko. Mteja aliyeingia na 2,000 hawezi kuvutwa kwenye 4,500 kwa ujanja wowote. Hii inagusa wale tu ambao pesa wanayo na walikuwa wanasitasita. Ndiyo maana siku za mshahara msindikizaji anaonekana hodari, na tarehe 20 anaonekana hana maana.

Hilo ndilo linaloharibu majaribio mengi. Dada anauza chupa mbili tu kwa wiki mbili za mwanzo wa mwezi, anaongeza ya tatu wiki mbili za mwisho, mauzo yanashuka, anakutumia ujumbe kwamba haijasaidia. Linganisha wiki zinazofanana: tarehe 1 hadi 14 ya mwezi huu bila msindikizaji, tarehe 1 hadi 14 ya mwezi ujao naye akiwepo, na usibadilishe kitu kingine chochote hapo katikati. Ukibadilisha bei ya nusu lita wakati huohuo hutajua ni nini kilichofanya kazi. Akupigie picha ukurasa wa daftari: nusu lita ngapi, moja na nusu ngapi, lita mbili ngapi. Zidisha kwa 700, 2,100 na 1,700, linganisha jumla mbili, na kama ya pili haijazidi ya kwanza, mwambie aiondoe hiyo chupa ya katikati kwenye rafu.